Dishi la Kimbiji

Saa 11:30 alfajiri Shabani alikuwa ameshapita nusu ya mnara. Alipanda kidato kwa kidato akihamisha kulabu za mkanda: ya kulia kwanza, ikishashika ndipo ya kushoto. Vyuma vilikuwa vimelowa umande wa chumvi.

Kimbiji haikuwa na mtandao tangu jana magharibi. Usiku nesi wa zahanati alikuja hadi getini. "Kaka, nina mzazi ndani. Nikihitaji gari la wagonjwa nalipataje?" Shabani alitaka kupanda palepale, lakini kusi ilikuwa inavuma, na mtu hapandi mita 60 gizani katika upepo ule. Alisubiri utulie.

Juu aliona tatizo mara moja. Boliti ya mkono unaolishika dishi ilikuwa imeliwa na kutu, ikakatika. Upepo ukaligeuza dishi, likaacha kutazamana na mwenzake wa upande wa Kigamboni. Kwa macho lilionekana kama limesogea kidogo tu. Kwa linki ya maikrowevu, nyuzi chache zinatosha kuua mawimbi yote.

Alifunga boliti mpya bila kuikaza, kisha akashika redio ya mkononi. "Zawadi, soma."

Zawadi alikuwa kwenye kibanda cha mitambo, kompyuta mapajani, akisoma nguvu ya mawimbi: namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. "-88, kaka. Linki imelala."

Akazungusha nati robo. "-79." Tena. "-70. -65! Linki imeamka! Sasa -68... rudi, kaka, rudi! Ilikuwa hapo!"

Shabani alirudisha. -65. Akasukuma upande wa pili, ikashuka pia. Fundi mwenye haraka angekaza hapo akashuka, na simu zingeita. Lakini kumbukumbu za linki hii zilisema -41. Dishi lilikuwa limenasa wimbi la pembeni, lile dhaifu linalokaa kando ya wimbi kuu. Jioni, hewa ya baharini ikibadilika, linki ingekatika tena, na nesi angerudi getini.

"Usiogope ikishuka," alisema. "Endelea kusoma."

"-72. -80. Kaka, imekatika!"

"Soma."

"-77... -60... -48... -42. -41. -43."

Akarudisha kidogo, akalipima na kwa juu na chini, kisha akaanza kukaza nati kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Spana ilivuta dishi: -44. Akalegeza, akaanza upya. Jua lilikuwa limeshatoka baharini na jasho lilimwingia machoni.

"-41, kaka. Imekaa. Nesi ameshapiga simu, gari limetoka Kigamboni."

"Alhamdulillahi. Sasa nitumie kwa kamba boliti mbili na grisi. Dishi la pili nalo limeanza kutu, sishuki nikaliacha hivi."