Maneno ya Mwalimu Mkuu mstarini, Jumatatu asubuhi

Hamjambo wanangu?

Marahaba. Walimu wenzangu, asanteni kwa kuwahi. Jua limeshaanza kuchoma, sitawaweka sana.

Wiki iliyopita nilipita darasa la tano. Nikaandika ubaoni hadithi fupi niliyoitunga mwenyewe, nikaomba mmoja aisome kwa sauti. Sikilizeni na ninyi:

"Mzee Salumu alifunga duka lake Kariakoo saa nane mchana. Akavua viatu, akavishika mkononi, akakunja suruali mpaka magotini. Akamwambia jirani yake, 'Leo Jangwani hapapitiki. Sijui Magomeni nitafika saa ngapi.'"

Msomaji hakukosea hata neno. Kasoma vizuri, kwenye nukta kapumzika, darasa likampigia makofi. Nikauliza, "Mzee Salumu kakunja suruali kwa nini?" Kimya. Kisha mkono mmoja ukanyooka nyuma: "Mwalimu, kwa sababu amefunga duka." Mwingine: "Kwa sababu amevua viatu."

Haya, ninyi mnasemaje? Naam, darasa la tatu! Mafuriko. Mvua imenyesha, maji yamejaa bondeni. Lakini neno mvua nimeliandika? Sikuliandika. Maji je? Hayamo. Mmejuaje? Mmechukua viatu mkononi, mkachukua suruali iliyokunjwa, mkachukua Jangwani, ambako kila mtoto wa hapa anajua kunakuwaje masika, mkaviweka pamoja. Huko ndiko kuelewa. Kutamka maneno ni mlango tu, na wengi wetu tunaishia mlangoni.

Msidhani haya ni ya somo la Kiswahili peke yake. Asha ana maembe 24, nusu kawapa wadogo zake, yaliyobaki kauza shilingi 500 kila moja. Kapata shilingi ngapi? Wapo wanaoona 24, wanaona 500, wanazidisha haraka haraka, wanapata 12,000. Kuzidisha wanajua! Ila nusu imewapita, wadogo zake Asha wamewapita. Jibu ni 6,000. Darasa la saba, mnanisikia? Na darasa la nne pia, maana upimaji wenu wa kitaifa hauko mbali.

Sasa tufanye nini. Kila siku, robo saa. Jumamosi na Jumapili zimo, na likizo imo. Mtoto anayesoma robo saa kila siku simhofii. Ninayemhofia ni yule anayekesha na vitabu wiki moja kabla ya mtihani, kisha anasinzia kwenye chumba cha mtihani.

Ukimaliza ukurasa, funga kitabu. Kifunge kabisa, usiweke kidole katikati ukachungulia! Jiulize: nani kafanya nini, na kwa nini? Jibu kwa maneno yako, si ya kitabu. Ukikwama, rudia ukurasa uleule, hakuna anayekukimbiza. Ukikutana na neno usilolijua, soma kwanza sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisha bahatisha maana yake. Baada ya hapo ndipo uende kwenye kamusi kuona kama ulipatia.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, nyumbani hakuna vitabu." Ni kweli, na si kosa lako. Lakini una kitabu cha kiada, na karatasi ya gazeti iliyofungia maandazi ina habari, isome kabla hujaitupa. Bibi akiletewa dawa, msomee maelekezo, kisha mweleze umeelewa nini. Hapo lazima uelewe, maana "kutwa mara tatu" ukiisoma kama kasuku bibi ataumia. Wazazi wenye nafasi, tutawaomba wawapeleke Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ilifunguliwa mwaka 1967 na Mwalimu Nyerere, na ina sehemu ya watoto.

Hapa shuleni, kuanzia leo kila darasa lina boksi la vitabu vya hadithi. Kiranja wa darasa atakuwa na daftari la kuazima: jina, kitabu, tarehe. Kitabu kirudi kikavu, kisirudi kimepakwa mchuzi. Na atakayekirudisha hatasema tu "nimemaliza." Atamsimulia mwenzake kilichotokea, ndipo apewe kingine. Walimu tumekubaliana, hakuna kiboko kwa anayesoma polepole, na atakayemcheka mwenzake akikwama nitaonana naye ofisini.

Mimi nitakuwa napita madarasani bila taarifa. Sitawaambia msome kwa sauti. Nitauliza "kwa nini?"

Viranja, mabeseni ya maji yaondoke njiani. Darasa la kwanza watangulie. Wengine subirini mwalimu wa zamu awaruhusu, na boksi la darasa la tano lipo mezani kwangu, njooni wawili mlichukue.