Lesi ya Mama

Alikuja na lesi imekunjwa ndani ya foronya.

"Ni ya gauni la mama," akasema. "Fundi, nataka niolewe nayo."

Niliitandaza mezani nikaipima: mita 2 na robo, na ukingo mmoja umeanza kuwa manjano. Ukiharibu lesi ya dukani, unarudi dukani. Hii haikuwa na pa kurudi.

"Leo sikati kitu, dada. Leo nakupiga picha."

Alisimama ukutani, mikono ameiachia mbali kidogo na mwili. Pembeni yake nikaning'iniza futi, ili nijue sentimita za kwenye picha ni ngapi mwilini. Simu niliishika usawa wa kiuno, maana ukiishika juu miguu inaonekana mifupi na gauni zima linakudanganya. Kisha nikapiga picha ya lesi yenyewe, na futi ileile kando yake.

Usiku ule nilichora kwa kidole juu ya picha. Nilianza na mtindo wa nguva: lesi kutoka shingoni hadi magotini, imebana, halafu mkia unafunguka. Nililipenda sana gauni lile. Kesho yake akalitazama kimya, muda mrefu, kisha akaziba sehemu ya chini kwa kidole gumba, yakabaki mabega.

"Mama yuko hapa," akasema.

Nikafuta yote. Lesi nikaipandisha mabegani na mikononi, chini nikaweka sketi ya satini inayoanguka yenyewe. Maua ya lesi yalipokaa mabegani ndipo nikaona kitu ambacho vipimo vyangu havikunionyesha: bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Nilikuwa nimepima upana tu. Nikampima upya, tofauti ilikuwa sentimita 1 na nusu. Maua yangekaa upande.

"Na nikikaa je?" akauliza.

Hilo sikuwa nimeliwaza, na bi harusi hukaa saa nyingi. Tukapiga picha nyingine, amekaa, kutoka ubavuni. Mshono wa kiuno uliangukia pale pale tumbo linapokunjika. Nikaupandisha sentimita 2.

Lakini picha haijui uzito wa kitambaa, wala haipumui. Kwa hiyo nilishona kwanza sehemu ya juu kwa marekani, akaivaa, nikamwambia anyooshe mikono kama anayemkumbatia mtu. Kwapani kulibana. Nikaachia, akanyoosha tena, safari hii akacheka.

Siku ya kukata alikuja mwenyewe bila kuitwa. Kwenye lesi chaki hupotelea matunduni, kwa hiyo alama nilizipitisha kwa uzi wa buluu, ua kwa ua, huku picha imesimama mbele yangu mezani. Aliufuata uzi ule kwa macho kutoka bega hadi bega. Kisha akashika ukingo wa lesi, ule wa manjano, ili isiteleze.

"Kata, fundi."