Andalio la Somo: Vita vya Majimaji kwa Mbinu ya Jigso

Somo: Maarifa ya Jamii. Darasa: VI. Wanafunzi: 48. Muda: dakika 80, vipindi viwili mfululizo.

Umahiri mahususi: mwanafunzi aeleze, bila kusoma karatasi, chanzo, mwenendo na matokeo ya Vita vya Majimaji vya 1905–1907, pamoja na sehemu ambazo hakuzisoma mwenyewe.

Zana: karatasi za A, B, C na D, nakala 12 kila moja, ramani ya kusini mwa Tanzania, kopo lenye vipande vya namba 1 hadi 48.

Mpangilio (dakika 10). Vikundi 12 vya nyumbani, wanne wanne. Nawapanga mimi. Wakiachiwa wachague, watatu wepesi watakaa pamoja na wa nne atakuwa mtazamaji. Kila mmoja apewe herufi yake. Asiyekuwepo leo, mwenzake wa kikundi asome karatasi mbili; sehemu isirukwe.

Kusoma kimya (dakika 10). Kila mmoja asome karatasi yake peke yake.

Karatasi A, Pamba: Serikali ya Kijerumani iliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Malipo yalikuwa kiduchu, na siku za shamba la serikali zilikuwa siku zilezile za kulima chakula cha nyumbani. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. *Kwa nini walianza na pamba?*

Karatasi B, Dawa: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa na kuahidi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro Agosti 1905, lakini dawa ilikwisha kusambaa. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengineo waliingia vitani. *Dawa iliwaunganishaje watu wasio na mtawala mmoja?*

Karatasi C, Mapigano: Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu walilivamia boma la Mahenge. Bombomu ziliwafyeka. Ungoni, machifu kama Chabruma na Songea Mbano walipigana. Songea alinyongwa mwaka 1906. Baada ya hasara hizo wapiganaji wengi walihamia vita vya kuvizia. *Mbinu ipi ilikuwa na nafasi zaidi?*

Karatasi D, Njaa: Jeshi lilichoma vijiji, mashamba na maghala. Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 hadi 300,000. *Kwa nini makadirio yanapishana hivi?*

Vikundi vya wabobezi (dakika 20). Wenye herufi moja wakutane. Kumi na wawili kwenye meza moja ni baraza, kwa hiyo kila herufi ifanye meza mbili za watu sita. Wakubaliane mambo matatu ya kuwafundisha wenzao, wajibu swali lililo mwisho wa karatasi, kisha kila mmoja aandike kwa mkono wake katika daftari lake. Hakuna katibu wa kikundi. Nitapita nikisaini madaftari; asiye na saini hatarudi kikundi cha nyumbani kufundisha. Meza za D nitazipitia kwanza, maana wataandika tarakimu mbili tu na kuona kazi imekwisha. Niwaulize: nani alihesabu maiti za njaa porini?

Kurudi nyumbani (dakika 20). A aanze, amalize D, dakika nne kila mmoja, karatasi zikiwa zimegeuzwa chini. Mfundishaji haruhusiwi kusoma kwa sauti, na wasikilizaji wamuulize angalau swali moja. Dakika zinazobaki, kikundi kionyeshe Nandete, Ngarambe, Mahenge na Songea kwenye ramani. Mwenye kidomo akimkatiza mwenzake, nimwambie, "Subiri zamu yako, mwanangu," basi.

Jaribio la mtu mmoja mmoja (dakika 15). Maswali manane, mawili kwa kila karatasi, madaftari yakiwa yamefungwa. Mfano: *Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile, kwa nini vita havikukoma? Taja njia moja ambayo jeshi lilisababisha njaa.* Alama ni za mwanafunzi mwenyewe, hakuna alama ya kikundi. Mbobezi wa A ana maswali mawili tu aliyoyasoma. Sita yanatoka midomoni mwa wenzake, na ndiyo sababu ya kumsikiliza hata yule asiyempenda.

Kopo (dakika 5). Nichomoe vipande vitatu vya namba. Anayeitwa aeleze kwa sentensi mbili sehemu *isiyo* yake. Akikwama, nimgeukie mbobezi wa kikundi chake aliyemfundisha. Wote wawili wasimame hadi jibu lipatikane.

Ufuatiliaji. Wakati wa kusahihisha, nihesabu makosa kwa karatasi na kwa kikundi. Kikundi kizima kikikosa maswali ya C, tatizo liko kwa mbobezi wake au kwa meza aliyotoka, nami nitakaa naye kabla ya kipindi cha Alhamisi. Aliyepata chini ya manne arudie jaribio peke yake siku hiyohiyo, kwa maswali mengine.