Taarifa ya Tukio: Mfumo wa Mauzo Kukwama Jumamosi

Kwa: Meneja Mkuu, Mhasibu Mkuu na wasimamizi wa maduka ya Kirumba, Igoma na Nyegezi
Kutoka: Mkuu wa Kitengo cha Tehama, Mwanza

Jumamosi mfumo wa mauzo ulikwama kuanzia saa 1:40 asubuhi hadi saa 11:15 jioni. Maduka matatu kwa pamoja yaliuza Sh 4,350,000. Jumamosi ya kawaida hufika Sh milioni 18 au 19. Kumbukumbu za mauzo na madeni ya wateja ziko salama zote.

Kirumba ndiko tulikoumia zaidi. Wateja wa nyavu na kamba kutoka Ukerewe wanawahi meli, hawakai kumsubiri fundi. Muuzaji alitoa daftari, lakini bei za jumla zimo ndani ya mfumo tu. Mteja mmoja alikuwa ameshapakiwa marobota sita kwenye mkokoteni. Yakashushwa, akaenda duka la pili.

Usiku wa Ijumaa tulihamisha hifadhidata yetu, MySQL, kutoka toleo 5.7 kwenda 8.0. Jedwali letu la makundi ya bei linaitwa `groups`, na kuanzia 8.0 neno hilo limetengwa kwa lugha ya amri ya hifadhidata yenyewe. Ni kama kuajiri mtu anayeitwa Funga: bosi akisema "Funga!", mtu aitike au duka lifungwe? Kila bei ya jumla ilipotafutwa, skrini ilitoa:

```
ERROR 1064 (42000): You have an error in your SQL syntax
```

Usiku ule tulijaribu kuingia kwenye mfumo na kutoa ripoti, vikakubali. Hakuna aliyejaribu kuuza robota moja kwa bei ya jumla. Kibaya zaidi, kipo kikaguzi cha bure, `util.checkForServerUpgrade()`, ambacho kingelitaja neno hilo mapema. Hatukukiendesha.

Kosa la pili ni langu. Nilitumia saa tatu kurekebisha neno hilo sehemu moja baada ya nyingine kwenye programu, nikidhani ni chache. Ilipofika saa 5 ndipo nikaamua turudi 5.7. Kurudi huko si kubonyeza kitufe: 8.0 hairudishwi nyuma, ilibidi kusimika 5.7 upya na kupakia nakala ya Ijumaa, kazi ya saa sita.

Kubaki 5.7 hatuwezi, maana watengenezaji waliacha kuihudumia Oktoba 2023. Naomba idhini ya kurudia zoezi usiku wa Jumapili, siku ambayo kesho yake Kirumba hakuna msongamano, kwanza kwenye kompyuta ya pembeni yenye nakala kamili, na muuzaji mmoja akiwepo kuuza kwa majaribio. Ikifika saa 9 usiku bado kuna hitilafu, tunarudi nyuma bila mjadala. Orodha ya bei za jumla itachapwa kila Ijumaa. Ya wiki hii tayari iko kaunta ya Kirumba.