Yah: Hela zangu kutolewa ATM bila mimi kujua, naomba mchunguze na mnirudishie kwa muda

Tandika, Dar es Salaam
11 Machi 2025

Meneja wa Tawi,

Habari za kazi meneja. Mimi ni mteja wenu, nina saluni Tandika karibu na sokoni, akaunti yangu inaishia na 4471, namba kamili ipo kwenye fomu niliyojaza jana kaunta, hapa sijaiandika makusudi maana barua inapita mikono mingi.

Usiku wa Jumamosi tarehe 8 kuamkia Jumapili tarehe 9 zimetolewa hela kwenye akaunti yangu mara nne, kila mara laki 4, jumla milioni 1 na laki 6, na makato juu elfu 6. Meseji zenu ninazo zote. Mbili zimeingia saa 5:54 na 5:56 usiku, nyingine mbili saa 6:02 na 6:04. Naomba muziangalie hizo saa vizuri meneja, huyo mtu katoa mpaka karibu na saa sita akasubiri siku igeuke ndo akaendelea, yaani anajua kabisa limiti ya kadi inaanza upya saa ngapi, huyo sio mtu wa kuokota kadi njiani.

Mimi muda huo nilikuwa nimelala. Nimetoka tarawehe nikala nikazima data nikalala, nimekuja kuamka saa 10 kwa ajili ya daku ndo naona meseji nne zimepangana, salio lilikuwa 2,140,000 sasa linasoma 534,000. Daku yenyewe sikula. Nikapiga huduma kwa wateja hapo hapo, wakaifunga kadi saa 10:25 alfajiri, na simu zenu si mnazirekodi, msikilize.

Meseji zinasema ATM ni ya Tegeta. Mimi nakaa Tandika, kufika Tegeta ni kuvuka jiji zima, na kadi ilikuwa kwenye pochi na bado ninayo mpaka leo, nimeshamuonyesha yule dada wa kaunta. Namba ya siri sijampa mtu, hata mume wangu haijui (na hilo limeshatuletea maneno nyumbani, tuyaache).

Kitu kimoja nakisema mwenyewe kabla hamjaniuliza. Ijumaa tarehe 7 jioni nilitoa laki moja kwenye ATM yenu ya Kariakoo, pale pa kuingizia kadi palikuwa panacheza kama plastiki imepachikwa juu, nikajua ni ubovu tu nikaendelea. Sasa hivi nikifikiria naona pale ndo kadi ilinakiliwa, na namba ya siri labda walinichukua kwa kikamera, sikuziba kwa mkono.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Kwanza picha za kamera za ATM ya Tegeta usiku ule na ya Kariakoo siku ile zitunzwe leo leo, maana nasikia zinajifuta zikikaa, mkija kuzitafuta baada ya mwezi mtaniambia hazipo. Pili mwangalie kwenye rekodi za mashine kama kadi ilisomwa kwa chipu au kwa ule ukanda mweusi wa nyuma, kama ni ukanda basi jibu mnalo, kadi yangu ina chipu na ilikuwa kwangu. Na hiyo mashine ya Kariakoo ikaguliwe jamani, kuna wengine wanaitumia.

Halafu hela. Jana nimeambiwa nisubiri siku 45, na kaka mmoja akaniambia lazima utakuwa ulimpa mtu namba ya siri, kwakweli iliniuma, anasema hivyo hata hajafungua kompyuta. Ile hela ni kodi ya fremu ya miezi sita, mwenye nyumba anaitaka tarehe 31 mwezi huu, nisipolipa naondolewa na mabinti wawili wanaonisaidia wanakosa kazi. Naomba mniwekee 1,606,000 kwa muda wakati mnachunguza, nipo tayari kusaini kwamba mkigundua ni mimi au mtu wangu mtazikata zote, hata mkitaka kuzuia kiasi fulani kwanza tuongee, sikatai.

Polisi Chang'ombe nimeripoti, RB namba CHA/RB/2218/2025, kopi nimeambatanisha pamoja na meseji nilizoprinti na kopi ya kitambulisho cha NIDA.

Naomba jibu la maandishi lenye jina la anayeshughulikia, sio simu ya "tunalifanyia kazi mama". Najua Benki Kuu ina kanuni za 2019 za kumlinda mteja na ina dawati la malalamiko, na najua utaratibu ni kuanza kwenu, ndo maana nimeanza kwenu. Mkinyamaza nitaenda Mtaa wa Mirambo na barua hii hii.

Nipigieni kwa namba iliyosajiliwa kwenye akaunti, mchana nipo saluni, ila muda wa kufuturu siwezi kupokea.

Wenu mteja,
Zuhura M. Kitwana