Dawa za presha kwa majedwali: muhtasari wa sura nzima kwa kikundi chetu cha Ngara

Wenzangu, sura hii kitabuni ni ndefu na imetawanya mambo yanayokwenda pamoja. Nimeikaza iwe majedwali 4, na katikati nimeandika maelezo pale ambapo jedwali peke yake lingetudanganya. Msikariri safu ya madhara kama orodha ya sokoni. Ukijua dawa inagusa wapi, madhara mengi unayapata kwa kufikiri, hata ukiwa umekaa mbele ya mtahini.

Shikeni hesabu hii moja:

Presha = damu ambayo moyo unasukuma kwa dakika × ukinzani wa mishipa

Kila dawa hapa chini inapunguza upande mmoja wa hesabu hiyo, au pande zote mbili. Nimeyaita makundi kwa mikia ya majina, maana ndivyo tunavyoyatambua kwenye karatasi ya dawa wodini.

Jedwali la 1: Dawa zinazokata mnyororo wa renini

| Kundi | Inavyofanya kazi | Matumizi | Madhara | Tahadhari |
|---|---|---|---|---|
| -prili (enalaprili, kaptoprili, lisinoprili) | Huzuia kimeng'enya kinachogeuza anjiotensini I kuwa II. Mishipa hulegea, aldosteroni hushuka. Bradikinini haivunjwi, hujikusanya | Presha, moyo kushindwa, baada ya shambulio la moyo, figo ya mwenye kisukari anayetoa albumini kwenye mkojo | Kikohozi kikavu, presha kushuka ghafla dozi ya kwanza, potasiamu kupanda, kreatinini kupanda, midomo, ulimi na koo kuvimba | Mjamzito asipewe. Aliyewahi kuvimba ulimi kwa dawa hizi asirudishiwe. Mishipa ya figo zote mbili ikiwa myembamba, usitoe |
| -sartani (losartani, telmisartani) | Huziba kipokezi cha anjiotensini II chenyewe. Bradikinini haiguswi | Kama -prili, hasa aliyeshindwa na kikohozi | Potasiamu na kreatinini kupanda, kizunguzungu, kikohozi ni nadra | Mjamzito asipewe. Usichanganye na -prili |

Bradikinini ndiyo ufunguo wa jedwali hili. Kimeng'enya tunachokizuia kina kazi mbili: hutengeneza anjiotensini II na huvunja bradikinini. Ukikizuia, ya kwanza hupungua na ya pili huongezeka. Wanasayansi walifika hapa kupitia sumu ya nyoka wa Brazili, jararaka, ambayo ilionekana kuongeza nguvu ya bradikinini. Kaptoprili ilizaliwa kutokana na utafiti huo.

Shangazi yangu alikohoa karibu miezi mitatu. Alipewa antibaotiki mara mbili, akapimwa makohozi, akapigwa picha ya kifua. Hakuna aliyemuuliza anakunywa dawa gani za presha. Alikuwa ameanzishiwa enalaprili wiki chache kabla kikohozi hakijaanza. Ilipobadilishwa kuwa losartani, kifua kikatulia baada ya majuma machache. Kwa hiyo mgonjwa wa kikohozi kikavu kisicho na homa, muulizeni kwanza: unameza nini?

Kuvimba ulimi ni hatari zaidi ya kikohozi, na huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wengine. Si lazima kutokee siku ya kwanza. Kunaweza kuja baada ya miezi au miaka. Mwambie mgonjwa hivi, kwa maneno ya nyumbani: "Ukiona midomo au ulimi umevimba, acha dawa na uje hospitali saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi."

Kreatinini ikipanda kidogo baada ya kuanza dawa, msikimbilie kuiacha. Hadi asilimia 30 huvumiliwa, mradi potasiamu iko salama. Pimeni wiki ya kwanza au ya pili.

Jedwali la 2: Dawa za kukojoza

| Kundi | Inavyofanya kazi | Matumizi | Madhara | Tahadhari |
|---|---|---|---|---|
| Thiazaidi (haidroklorothiazaidi, klorthalidoni, indapamaidi) | Huzuia sodiamu na kloridi zisifyonzwe kwenye mrija wa mbali wa nefroni. Mwanzo maji hupungua. Baada ya wiki kadhaa ukinzani wa mishipa hushuka | Presha (dawa ya mstari wa mbele). Vijiwe vya kalsiamu kwenye figo | Potasiamu na sodiamu kushuka. Asidi ya yuriki, sukari na kalsiamu kupanda | Jongo. Mzee anayechanganyikiwa ghafla (pima sodiamu). Figo zilizochoka sana hazijibu vizuri |
| Za kitanzi (furosemaidi, torasemaidi) | Huzuia sodiamu, potasiamu na kloridi kwenye mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle | Mapafu kujaa maji, moyo kushindwa, mwili kuvimba kwa ugonjwa wa ini au figo | Potasiamu, magnesiamu na kalsiamu kushuka, kukauka, masikio kuvuma au kuziba | Usidunge haraka mshipani. Angalia sana ikiwa pamoja na jentamaisini |
| Zinazotunza potasiamu (spironolaktoni) | Huziba kipokezi cha aldosteroni kwenye mrija wa kukusanyia | Presha sugu, moyo kushindwa, maji tumboni kwa ugonjwa wa ini | Potasiamu kupanda, matiti ya mwanamume kukua na kuuma, hedhi kuvurugika | Figo dhaifu, pamoja na -prili au -sartani pima potasiamu mapema |

Mtahini anapenda kalsiamu. Thiazaidi huirudisha mwilini, furosemaidi huitupa. Ndiyo maana mwenye vijiwe vya kalsiamu hunufaika na thiazaidi, na mwenye kalsiamu nyingi kupita kiasi hatapewa.

Kwa nini za kwanza mbili hushusha potasiamu? Sodiamu iliyozuiwa juu hufika nyingi kwenye mrija wa kukusanyia. Huko mwili hujaribu kuiokoa, na kwa kuiokoa hulipa kwa potasiamu. Spironolaktoni hukaa kwenye mlango huo wa malipo na kuufunga. Ukilielewa hili, safu mbili za madhara umeshazimaliza.

Sasa jambo ambalo kitabu kimelitaja kwa mstari mmoja, nami naona lilistahili ukurasa. Hapa mjini mtu akiumwa goti au mgongo anaingia duka la dawa na kutoka na diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa lolote. Akiwa tayari anatumia -prili na thiazaidi, figo zake ziko taabani. Fuateni kwa mpangilio: prostaglandini hupanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio cha figo, na diklofenaki huzizuia, mshipa ukabana. Anjiotensini II hubana mshipa unaotoa damu ili shinikizo ndani ya kichujio lisianguke, na -prili huiondoa, mshipa ukalegea. Thiazaidi nayo imeshapunguza maji. Damu kidogo inaingia, inatoka kwa urahisi, na kichujio kinabaki bila nguvu ya kuchuja. Ongeza kuhara kwa siku mbili, mgonjwa anafika akiwa hakojoi. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo ndiyo ya kuanza nayo.

Jedwali la 3: Vizuia njia za kalsiamu

| Kundi | Inavyofanya kazi | Matumizi | Madhara | Tahadhari |
|---|---|---|---|---|
| -dipini (amlodipini, nifedipini) | Huziba njia za kalsiamu za aina ya L kwenye misuli ya mishipa ya damu, ukinzani hushuka | Presha (mstari wa mbele), maumivu ya kifua ya moyo | Vifundo vya miguu kuvimba, kichwa kuuma, uso kupata joto, moyo kwenda mbio, fizi kukua | Nifedipini ya haraka isiwekwe chini ya ulimi: presha huporomoka na inaweza kuleta kiharusi |
| Verapamili, diltiazemu | Njia zile zile, lakini hasa moyoni: mapigo na nguvu ya moyo hupungua | Mapigo ya haraka, maumivu ya kifua, presha | Kufunga choo (verapamili), mapigo kushuka | Usiunganishe na -ololi. Moyo dhaifu usipewe |

Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake hutoka kwa saa 30 hadi 50. Kwa hiyo usiongeze dozi kesho yake ukidhani imeshindwa. Anza na miligramu 5, upeo ni 10.

Miguu kuvimba kwa amlodipini si maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo inayoleta damu hupanuka, ile inayorudisha hubaki kama ilivyo, na maji husukumwa nje. Nimeona mgonjwa akiongezewa furosemaidi kwa uvimbe huu, potasiamu ikashuka, akapewa na vidonge vya potasiamu: dawa tatu mahali pa kupunguza dozi moja. Kinachosaidia ni kupunguza dozi au kuongeza -prili au -sartani, ambazo hupanua na mishipa ya kurudisha.

Hapa ndipo swali la nani aanze na nini linapojibiwa. Wengi wenye asili ya Afrika wana renini ya chini, hivyo -prili ikiwa peke yake hushusha presha kidogo kuliko -dipini au thiazaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulilinganisha mseto wa dawa mbili mbili. Amlodipini na thiazaidi, au amlodipini na perindoprili, zilishusha presha zaidi ya perindoprili na thiazaidi. Lakini msije mkaandika kwamba Mwafrika hapewi -prili. Mwenye kisukari na albumini kwenye mkojo, au mwenye moyo ulioshindwa, anaihitaji bila kujali asili yake.

Jedwali la 4: Zilizobaki

| Kundi | Inavyofanya kazi | Matumizi | Madhara | Tahadhari |
|---|---|---|---|---|
| -ololi (atenololi, bisoprololi, propranololi, karvediloli huziba na alfa) | Huziba vipokezi vya beta: mapigo na renini hushuka | Baada ya shambulio la moyo, moyo kushindwa (bisoprololi, karvediloli), maumivu ya kifua, propranololi kwa dalili za tezi dundumio na kuzuia kipandauso | Uchovu, mikono na miguu baridi, mapigo kushuka, nguvu za kiume kupungua | Pumu, mapigo yaliyoziba. Isikatwe ghafla. Kwa mwenye insulini huficha moyo kwenda mbio sukari ikishuka. Jasho hubaki |
| Methaildopa | Hutuliza neva za huruma kupitia vipokezi vya alfa 2 ubongoni | Presha ya ujauzito | Usingizi, huzuni, kipimo cha Kumbsi kuwa chanya | Ugonjwa wa ini, mwenye historia ya sonona |
| Labetaloli | Huziba alfa na beta | Presha ya ujauzito, hata kali | Kizunguzungu. Kichwa kuwasha | Pumu |
| Haidralazini | Hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu | Presha kali ya ujauzito, mshipani | Moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, dalili kama za lupasi ikitumiwa muda mrefu | Ugonjwa wa mishipa ya moyo |

Presha isiyo na ugonjwa mwingine haianzi na -ololi. Kwa mjamzito kumbukeni nne: methaildopa, labetaloli, nifedipini ya muda mrefu, na haidralazini hali ikiwa mbaya. Kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayeandikiwa -prili au -sartani aulizwe kuhusu mimba kabla ya kuandikiwa, kwa sababu dawa hizo huharibu figo za mtoto na kukausha maji ya uzazi.

Maswali ya Alhamisi. Kila mtu aje na majibu yaliyoandikwa, pamoja na sababu.

1. Mwanamume wa miaka 58, kondakta mstaafu wa Umoja, anatumia enalaprili na spironolaktoni. Ameacha chumvi ya kawaida, anatumia ile mbadala yenye potasiamu. Moyo wake umeanza kuruka mapigo. Utapima nini kwanza, na utasimamisha nini?
2. Mama wa miaka 47, mwenye pumu na presha ya 168/104, mkojo hauna albumini, hana mimba. Chagua dawa mbili za kuanza nazo na ueleze kwa nini zile nyingine umeziacha.
3. Mzee wa miaka 74 ameanza thiazaidi wiki mbili zilizopita. Binti yake anasema, "Baba anaongea vitu havieleweki tangu juzi." Kidole gumba cha mguu nacho ni chekundu na kinauma. Eleza mambo yote mawili kwa dawa moja.