Alama za ugali wa aina tatu za unga: matokeo ya jaribio la Friedman na ulinganisho wa jozi

Sehemu hii inajibu swali moja: je, waonjaji walewale walipopewa ugali wa unga wa mahindi matupu, wa mahindi na mtama mwekundu, na wa mahindi na muhogo, walizipa aina hizo tatu alama zinazotofautiana? Swali hilo lilitoka kwa kikundi cha akina mama wasagaji wa Dodoma, ambao wanataka kupunguza mahindi katika unga wanaouza bila kuwapoteza wateja. Katika michanganyiko yote miwili mahindi yalikuwa asilimia 70 kwa uzito.

Waonjaji walikuwa watu wazima 24 wanaokula ugali angalau mara 4 kwa wiki. Mtu wa 25, aliyekuwa wa akiba, aliondoka kabla ya kuonja sahani ya tatu; kadi yake imeachwa nje ya uchambuzi, kwa kuwa jaribio la Friedman linahitaji kila mtu awe na alama kwa kila aina. Kila sahani ilikuwa na namba ya tarakimu tatu badala ya jina la unga. Mifuatano yote sita inayowezekana ya kuandaa sahani tatu ilitumika, kila mmoja kwa watu 4, ili aina yoyote isipate faida ya kuonjwa kwanza mwonjaji akiwa na njaa. Kati ya sahani na sahani mwonjaji alisukutua kinywa kwa maji ya uvuguvugu. Alama zilianzia 1, yaani "sikupenda kabisa", hadi 5, yaani "nimependa sana".

Alama hizi zina mpangilio, lakini hatuna sababu ya kuamini kwamba umbali wa kutoka 2 hadi 3 unalingana na umbali wa kutoka 4 hadi 5. Zaidi ya hayo, kila mtu alitoa alama tatu, kwa hiyo alama hizo hazikujitegemea: kuna mwonjaji mkarimu anayetoa 4 na 5 tu, na kuna mgumu asiyevuka 3. Jaribio la Friedman, lililochapishwa mwaka 1937, huondoa tofauti hiyo ya watu kwa kuzipanga alama za kila mwonjaji peke yake, kuanzia nafasi ya 1 kwa alama ya chini hadi nafasi ya 3 kwa alama ya juu. Alama zilizofungana sare hugawana wastani wa nafasi zake. Kwa kuwa waonjaji 14 kati ya 24 walikuwa na sare angalau moja, tumetumia kanuni yenye marekebisho ya sare. Bila marekebisho hayo thamani ya jaribio ingekuwa 20.02, yaani pungufu kuliko inavyostahili.

Uchambuzi ulifanywa kwa R, toleo la 4.3.2, na kiwango cha maana kiliwekwa kuwa 0.05 kabla ya kadi kufunguliwa.

```
friedman.test(alama ~ unga | mwonjaji, data = refu)
```

| Unga | Mediani | Robo ya 1 na ya 3 | Wastani wa nafasi |
|---|---|---|---|
| Mahindi matupu | 4 | 4 na 5 | 2.50 |
| Mahindi na muhogo | 4 | 4 na 4 | 2.23 |
| Mahindi na mtama | 3 | 2.75 na 3.25 | 1.27 |

Alama zilitofautiana kwa aina ya unga, χ²(2) = 24.33, p < 0.001. Kama aina zote zingependwa sawasawa, kila moja ingetarajiwa kupata wastani wa nafasi ulio karibu na 2.00. Mgawo wa Kendall ulikuwa W = 0.51, maana yake waonjaji walikubaliana kwa kiasi cha kutosha, ingawa si wote, kuhusu mpangilio wa aina hizo. Mwonjaji mmoja alitoa alama 4 kwa sahani zote tatu. Kadi yake imebaki ndani ya uchambuzi kwa sababu kutoona tofauti nako ni jibu.

Jaribio la Friedman linaonyesha kwamba tofauti ipo, lakini halisemi iko kati ya aina zipi. Kwa hiyo jozi zote tatu zililinganishwa kwa jaribio la Wilcoxon la nafasi zenye alama ya kujumlisha na kutoa, kwa makadirio ya mkunjo wa kawaida yenye marekebisho ya mwendelezo, na thamani za p zikarekebishwa kwa njia ya Holm ili kulinganisha mara tatu kusituzalishie tofauti za bahati. Waliotoa alama sawa kwa aina zote mbili za jozi hawaingii katika hesabu ya jozi hiyo, na ndiyo sababu idadi yao inatajwa hapa kila mara. Ukubwa wa tofauti unaonyeshwa kwa r ya nafasi, ambayo huwa 0 pande mbili zinapolingana na 1 upande mmoja unaposhinda kabisa.

```
wilcox.test(pana$mahindi, pana$mtama, paired = TRUE, exact = FALSE)
```

Mahindi matupu yalipata alama ya juu kuliko mchanganyiko wa mtama kwa waonjaji 19, ya chini kwa 2, na sawa kwa 3 (z = 3.72, p iliyorekebishwa < 0.001, r ya nafasi = 0.90). Mchanganyiko wa muhogo nao uliushinda wa mtama kwa waonjaji 19, ukashindwa kwa 1, wakatoka sare 4 (z = 3.82, p iliyorekebishwa < 0.001, r ya nafasi = 0.92). Kati ya mahindi matupu na mchanganyiko wa muhogo, 11 walipendelea mahindi, 4 walipendelea muhogo, na 9 hawakutofautisha; tofauti hiyo haikufikia kiwango cha maana (z = 1.38, p iliyorekebishwa = 0.167, r ya nafasi = 0.38).

Matokeo ya jozi hii ya mwisho yanahitaji uangalifu kuliko mengine, kwa kuwa ndiyo wasagaji watakayoitumia. Hatujathibitisha kwamba muhogo na mahindi ni sawa mdomoni. Mediani zote mbili ni 4, lakini alama ya 5 ilitolewa mara 8 kwa mahindi matupu na mara 2 tu kwa muhogo, na waliobaki katika hesabu baada ya kuondoa sare walikuwa 15 pekee, idadi ndogo mno kugundua tofauti ya ukubwa wa kati. Kinachoweza kusemwa ni kwamba watu 13 kati ya 24 waliupa mchanganyiko wa muhogo alama isiyopungua ile ya mahindi matupu.

Kuhusu mtama, namba za siri hazikuweza kuficha rangi. Ugali wa mtama mwekundu ulikuwa wa kahawia kando ya sahani mbili nyeupe, na mwonjaji yeyote aliyekula mtama nyumbani aliutambua kabla ya kumega tonge. Mmoja aliyetoa 3 kwa mahindi, 4 kwa mtama na 5 kwa muhogo aliandika chini ya kadi kwamba mtama ulimkumbusha jiko la bibi yake. Kwa hiyo alama za chini za mtama zinapima ladha pamoja na mwonekano, na takwimu hizi haziwezi kuvitenganisha. Mtama mweupe, kwa uwiano uleule wa 70 kwa 30, haukuonjwa katika zoezi hili, na matokeo haya yasitumiwe kuukataa.